Friza Iliyofika Nyuzi 4085

Fundi anaunganisha kihisi joto aina ya DS18B20 na kompyuta ndogo ya Arduino au ESP32, anaandika programu fupi na kuijaribu mezani. Kioo kinaonyesha nyuzi 27, sawa na hali ya chumba. Anakiingiza kihisi ndani ya friza ya samaki na kufunga mlango. Joto linashuka taratibu mpaka karibu na sifuri, halafu ghafla kioo kinaandika nyuzi 4095. Baada ya muda kinasoma 4085.875. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538, na samaki wamo humo humo, wameganda.

Waya haujalegea na kihisi hakijaharibika. Kilichotuma ni joto sahihi kabisa: nyuzi 10.125 chini ya sifuri. Kasoro iko kwenye namna programu ilivyoisoma namba hiyo, na ili kuiona inabidi kufuatana na namba yenyewe kutoka kwenye desimali hadi kwenye biti, kisha kurudi.

DS18B20 hupima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu yake. Haitumi nyuzi nzima nzima. Ikiwa katika hali yake ya kawaida, hugawa kila nyuzi moja katika vipande 16, kisha hutuma idadi ya vipande kwa biti 16, yaani baiti mbili. Nyuzi 10.125 zikizidishwa kwa 16 ni vipande 162. Tuanze na 162 kabla ya kuingiza ile alama ya hasi.

Kubadili desimali kuwa namba za jozi, yaani za sifuri na moja, ni kugawanya kwa 2 tena na tena huku ukiandika baki. 162 kwa 2 ni 81, baki 0. 81 kwa 2 ni 40, baki 1. Kisha 20 baki 0, 10 baki 0, 5 baki 0, 2 baki 1, 1 baki 0, na mwisho 0 baki 1. Baki husomwa kutoka la mwisho kwenda la kwanza: 10100010. Kuhakiki ni rahisi, kwa kuwa nafasi hizo kutoka kulia zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Penye moja hapa ni 128, 32 na 2, na jumla yake ni 162.

Kuanzia hapo, heksadesimali na oktali hazihitaji kugawanya tena. Heksadesimali ina tarakimu 16, 0 hadi 9 kisha A hadi F, ambapo A ni 10 na F ni 15. Kila tarakimu yake hubeba biti nne kamili, kwa hiyo 1010 0010 inakuwa A2. Oktali hubeba biti tatu tatu, zikihesabiwa kutoka kulia: 10 100 010 inakuwa 242. Baiti ina biti nane, ambazo hugawanyika sawasawa katika mafungu mawili ya biti nne lakini hazigawanyiki kwa tatu. Ndiyo maana majedwali ya vifaa kama hiki huandikwa kwa heksadesimali.

Sasa alama ya hasi. Waya hupitisha moja na sifuri tu. Hakuna pa kuweka kistari cha kutoa. Suluhisho linafanana na mita ya kilometa ya magari ya zamani: ikiwa kwenye 0000 na ukairudisha nyuma hatua moja, inasoma 9999, kwa hiyo 9999 inaweza kusimama badala ya hasi moja. Kwenye biti 16 mambo ni yale yale. Ukirudi hatua moja nyuma ya sifuri unapata moja kumi na sita mfululizo, yaani FFFF. Utaratibu huu huitwa kikamilisho cha mbili, na namba yoyote ambayo biti yake ya kushoto kabisa ni 1 huhesabiwa kuwa hasi.

Kuipata hasi ya 162, andika kwanza 162 kwa biti zote 16, geuza kila 0 kuwa 1 na kila 1 kuwa 0, kisha ongeza 1:

```
0000 0000 1010 0010   00A2
1111 1111 0101 1101   FF5D
1111 1111 0101 1110   FF5E
```

FF5E ndiyo namba iliyomo kwenye jedwali la mtengenezaji kwa nyuzi 10.125 chini ya sifuri. Uzuri wa utaratibu huu unaonekana ukijumlisha FF5E na 00A2: jibu ni 10000, ile moja ya mbele inakosa nafasi na kudondoka, na kinachobaki ni sifuri. Saketi ile ile ya kujumlisha inatosha kwa chanya na hasi.

Programu ya fundi iliichukulia FF5E kuwa namba chanya, ambayo ni 65374. Ukiigawanya kwa 16 unapata 4085.875. Kosa hili hujificha vizuri, kwa sababu programu ile ile huenda ilikuwa ikifanya kazi bila tatizo kwenye Arduino Uno. Humo `int` ina biti 16, hivyo biti ya kushoto inasomwa kama alama ya hasi. Kwenye ESP32 `int` ina biti 32. FF5E inaingia na sifuri 16 mbele yake, na uhasi unapotea. Dawa ni kutaja upana wazi:

```
int16_t vipande = (data[1] << 8) | data[0];
float joto = vipande / 16.0;
```

Ipo hitilafu nyingine, mbaya zaidi kwa kuwa haipigi kelele. DS18B20 ikiwashwa, kabla ya kupima chochote, hushikilia thamani ya nyuzi 85, ambayo jedwali huiandika 0550. Hiyo ni heksadesimali: 5 mara 256, jumlisha 5 mara 16, ni vipande 1360, navyo ni nyuzi 85. Mafundi wengi huweka sharti la kuitupa thamani hiyo. Lakini katika lugha ya C, namba nzima inayoanza na sifuri husomwa kama oktali. Anayeandika `0550` badala ya `0x0550` amepata 5 mara 64, jumlisha 5 mara 8, yaani 360. Vipande 360 ni nyuzi 22.5. Programu yake itaipitisha 85 ya uongo, na itaitupa 22.5 ya kweli, joto la kawaida kabisa ndani ya nyumba. Wala kompyuta haitalazimika kumwonya.

Kwa hiyo kihisi cha friza kisipitishwe kwa jaribio la mezani peke yake. Kiwekwe ndani ya friza mpaka kivuke sifuri, au programu ilishwe thamani za jedwali. Msomaji anayetaka kujipima achukue FE6F, ageuze biti, aongeze 1, agawanye kwa 16. Jibu ni nyuzi 25.0625 chini ya sifuri.