Kijitabu cha Kijivu Hakitoshi, Binamu!

Jamani, kuna karatasi zinazowatia watu kiwewe bure. Juzi binamu yangu, mwenye Suzuki ya kukodisha hapa Songea, alinifuata kijiweni kwenye kahawa akiwa ameshika kijitabu kama hati ya nyumba. Kijana mmoja mgeni alitaka gari la kwenda kuoga Ziwa Nyasa, Mbamba Bay.

"Kaka, huyu ana leseni ya dunia nzima!"

"Binamu, usiingie mkenge," nikamwambia. "Leseni ya dunia haipo. Hiki ni kibali cha kimataifa cha kuendesha, na kimetoka nchi moja tu. Hebu tukisome."

Juu ya jalada la kijivu kulikuwa na jina la nchi: Marekani. Chini yake ukatajwa mkataba wa Geneva wa Septemba 19, 1949, kisha mahali na tarehe kilipotolewa. Aliyekitoa humjui kwa jina la nchi, unamjua kwa muhuri. Huu ulikuwa wa AAA, chama cha magari cha Marekani, ambacho serikali yao imekiruhusu kutoa vibali hivyo. Kwetu Bongo kuna AAT, Chama cha Magari Tanzania.

Ukiona kijitabu hakitaji nchi wala mkataba, au kinajigamba kudumu miaka 10, shtuka, hicho ni feki. Cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja tu. Hiki kilikuwa na miezi miwili, na muhuri wa daraja uligongwa kwenye B, yaani gari lisilozidi kilo 3,500 na viti 8 ukiacha cha dereva. Binamu akaanza kuchekelea.

"Na leseni yake ya kwao iko wapi?" nikauliza.

Kumbe kaiacha Dar, kwenye begi kwa rafiki yake.

Hapo ndipo penye kazi, msomaji wangu. AAA hawakumpima kijana huyo udereva. Alipeleka leseni ya jimbo lake, picha mbili na ada, basi. Kijitabu ni tafsiri tu ya leseni ile, ili trafiki wa nchi nyingine aielewe. Leseni ikifutwa au ikiisha muda, kijitabu hakina habari, tarehe yake inabaki inang'aa vilevile. Ajali ikitokea, bima wanaweza kugoma kulipa, na Suzuki ni ya binamu.

Leseni ikaletwa kwa basi kesho yake. Tukaigeuza: imeisha muda wiki tatu zilizopita! Binamu aliishiwa maneno. Mgeni Mbamba Bay alifika, lakini usukani alishika binamu mwenyewe.

Nawe unayejiandaa kutoka nje na kijitabu cha AAT, beba na leseni yako ya Tanzania, tena iliyo hai. Na usimwonyeshe trafiki wa hapa Songea hicho kijitabu peke yake, maana hakifanyi kazi katika nchi kilikotolewa. Atakucheka!