Kukataa Hotuba ya Harusi: Hofu ya Jukwaani Inapofika Kliniki

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 41, alikuja kliniki ya afya ya akili kuomba cheti. Hakutaka mapumziko ya kazi, alitaka kuokolewa na harusi. Dada yake alikuwa akimwoza binti, na kamati ilikwisha kumpangia yeye, mjomba wa bibi harusi, dakika tano za nasaha kwa niaba ya ukoo. Zilibaki wiki tatu. (Baadhi ya habari zake nimezibadili ili asitambulike.)

Mwalimu huyu alifundisha darasa la watoto zaidi ya 70 kila siku bila tatizo. Jambo hilo huwafanya hata wahudumu wa afya wadhani kwamba mgonjwa anajisingizia. Lakini anachokiogopa si kusema, bali ni kutazamwa na kupimwa na watu wazima wenzake. Akifikiria kipaza sauti, mwili humwaga adrenalini kana kwamba yuko hatarini: moyo hudunda, mikono hutetemeka, mdomo hukauka. Kisha akili huacha kutafuta maneno na kuanza kuzisikiliza dalili hizo, nazo huzidi.

Nilimwuliza mambo mengine aliyowahi kuyakataa. Mtu anayekataa hotuba moja kwa sababu hapendi kuhutubia si mgonjwa, na hahitaji daktari. Mwalimu wetu, hata hivyo, alikuwa amekataa mara mbili kupandishwa cheo, kwa kuhofia kuongoza vikao vya wazazi. Tena alikuwa akichelewa misibani makusudi, asije akaombwa kusoma wasifu wa marehemu. Hofu iliyodumu miezi sita au zaidi na ikaanza kumpangia mtu maisha, ndiyo tunayoiita ugonjwa wa hofu ya kijamii.

Cheti sikumpa. Kila anapokwepa, mgonjwa hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo huufundisha ubongo kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kwamba kukwepa ndiko kulikomponya. Uongo wa kuumwa huongeza jambo jingine: siku ya harusi angekaa ukumbini akiogopa kugunduliwa.

Akatoa mfukoni vidonge vinne vya propranololi, miligramu 40 kila kimoja, alivyopewa na mwenzake wa kazini. Dawa hiyo huzuia adrenalini isiuharakishe moyo wala kuitetemesha mikono, nasi huwapa baadhi ya wagonjwa miligramu 10 hadi 40, saa moja hivi kabla ya kupanda jukwaani, baada ya kuijaribu nyumbani siku ya kawaida. Haiiondoi hofu yenyewe. Nilipomwuliza kuhusu pumu, alisema alitumia dawa ya kuvuta msimu wa mvua uliopita. Kwake yeye kidonge kimoja kingeweza kubana njia za hewa hadi kuhatarisha uhai. Wenye mapigo ya moyo ya polepole nao hawafai kuitumia, na wanaotumia insulini wanahitaji uangalifu, kwa kuwa huficha mapigo ya haraka yanayowaonya kwamba sukari imeshuka. Pombe, ambayo wengi huikimbilia, hulegeza ulimi na kuvuruga kumbukumbu.

Wiki tatu hazitoshi kwa tiba kamili. Dawa kama fluoksetini huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na tiba ya mazungumzo huhitaji vikao vya wiki nyingi. Kwa hiyo tulikubaliana aikatae hotuba, ila aikatae kwa ukweli, mapema, na amwambie mwenye shughuli mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Maneno aliyoyachagua yalikuwa haya: “Dada, nakushukuru kwa heshima uliyonipa. Hofu hunishika nikisimama mbele za watu, na nimeanza kutibiwa. Naomba kaka yetu mkubwa atoe nasaha, nami nisimame pembeni yake kumkabidhi binti zawadi ya ukoo.” Kwa maoni yangu sehemu ya mwisho ndiyo yenye tiba: anakataa hotuba bila kuukimbia ukumbi. Dada alinung’unika kidogo, kisha akakubali.

Baada ya harusi tulianza ngazi. Alisoma aya moja mbele ya mkewe, kisha mbele ya walimu watatu, kisha akatoa tangazo fupi katika kikao cha walimu. Kila hatua aliirudia hadi hofu ilipopungua ndipo akapanda nyingine. Alipewa pia kazi ya kuwatazama wasikilizaji badala ya kuichunguza mikono yake. Hatua ya tatu ilimshinda mara ya kwanza, akatoka nje kabla ya zamu yake; tukarudi kwenye ya pili kwa wiki mbili.

Mwezi wa saba alifiwa na shangazi, naye akaombwa kusoma wasifu. Aliniambia kwamba karatasi ilitetemeka mpaka mistari ya kwanza ikamchanganya. Alinyamaza, akavuta pumzi, akaendelea hadi mwisho.