Pazia Kwanza, Maji Baadaye

Bibi mwenye saratani anatumia mofini kutuliza maumivu. Siku 6 hajapata choo, kisha ghafla shuka linalowa kinyesi chepesi. Mjukuu anakimbia dukani kununua dawa ya kuzuia kuharisha.

Lakini bibi haharishi. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo. Choo kimekaa, kikakauka na kuwa bonge gumu karibu na njia ya haja kubwa, na ule umaji unapenya pembeni yake. Dawa ya dukani itamfunga zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa mofini huanzishiwa dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, asingoje mpaka afunge.

Kwa hiyo orodha ya hatua za enema haianzi na mrija. Inaanza na swali: utumbo umeziba? Tumbo likivimba, akitapika na hata upepo haupiti, enema haiwekwi, daktari anaitwa.

Halafu inakuja hatua ambayo wanafunzi wa uuguzi huiruka: pazia. Njia nzuri ya kuifundisha ni kumlaza mwanafunzi mwenyewe kitandani, na nguo zake, pazia likiwa wazi, wenzake wakipita. Dakika 1 inamtosha.

Muuguzi anasogea, anasema kwa sauti ya chini: “Shikamoo, bibi. Choo kimekwama, naomba nikuwekee maji ya kukilainisha. Ukisema niache, naacha. Mjukuu abaki au atoke?” Bedpani iko tayari kabla maji hayajaingia, maana haja ikishika haingoji mtu atafute chombo.

Bibi analala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, kwa kuwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iko upande huo. Khanga inafunuliwa makalioni tu. Maji ni ya vuguvugu na kiasi ni kile alichoagiza daktari. Mtu mzima hapewi zaidi ya lita 1, na bibi aliyedhoofika hupewa pungufu. Hewa inatolewa mrijani, ncha inapakwa jeli na kuingizwa taratibu sentimita 7 hadi 10, ikielekea kitovuni. Ikigoma, haisukumwi.

Kosa la kawaida ni kuinua kopo juu mno ili kazi iishe upesi. Sentimita 30 hadi 45 juu ya nyonga zinatosha. Zaidi ya hapo maji hushuka kwa kasi na tumbo husokota. Bibi akilalamika, mrija unabanwa, kopo linashushwa, anapumua kwa mdomo mpaka msokoto upite. Damu, maumivu makali au kizunguzungu chenye jasho la baridi ni amri ya kuacha kabisa.

Mwishoni muuguzi anaandika kilichotoka: kiasi, rangi, ugumu. Yakitoka maji matupu, bonge bado limo ndani na daktari aambiwe. Huenda likahitaji enema ya mafuta kwanza. Bibi anasafishwa, anafunikwa, ndipo pazia linafunguliwa. Na ile dawa ya dukani inaondolewa kando ya kitanda.