Hayo Siyo Kalambo

Kwenye mgahawa ninaokunywa chai hapa Buguruni kuna picha ya maporomoko ukutani, haina maandishi hata neno moja. Kila anayejua kuwa kazi yangu ni miamba huniuliza lilelile: "Mtaalamu, hayo si Kalambo? Ona yalivyo marefu!"

Urefu mnaupimia wapi? Pichani hamna mtu wala nyumba. Maporomoko ya mita 20 yakipigwa kutoka chini, karibu, huijaza picha sawasawa na Kalambo, ambayo huanguka zaidi ya mita 200. Wingi wa maji nao ni shahidi wa uongo: mto unaonguruma Aprili unaweza kuwa uzi mwembamba Oktoba. Hata kijani cha pembeni mwa maji hudanganya, kwa sababu kangaga hustawishwa na manyunyu ya maporomoko yenyewe, hata kama nchi yote jirani imekauka.

Acheni maji, tazameni ukuta. Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, maji huruka mara moja tu kwenye mwamba wa mchanga mgumu, uliolala tabaka juu ya tabaka kama vitabu vilivyopangwa. Juu ya korongo ni miombo.

Sasa picha ya mgahawani. Ukuta ni mweusi. Juu pana bamba nene lenye nyufa za wima, kama nguzo zilizobanana: hiyo ni lava iliyosinyaa na kupasuka ilipokuwa ikipoa. Chini yake pana tabaka la kahawia lililomeguka, na nyuma ya maji kuna pango. Tabaka hilo ni majivu na mabonge ya volkano, laini. Manyunyu huyala taratibu, bamba la juu likabaki linaning'inia, mpaka siku linapokatika na maporomoko yote kurudi nyuma hatua moja. Ukingoni juu, manyunyu yasikofika, kuna migomba. Hii ni nchi ya volkano yenye mvua ya kutosha. Kalambo haimo.

"Basi ni Materuni, Kilimanjaro!" Hapana, msikimbie. Rungwe nako kuna volkano na migomba, na maporomoko ya Kaporogwe yana pango nyuma ya maji. Kwa picha ile moja siwezi kuchagua, na anayechagua anabahatisha.

Mkiwa na picha yenu, ikuzeni mpaka mwamba uonekane. Mistari iliyopindapinda, maji yakishuka kwa ngazi katikati ya msitu mnene? Anzeni na Sanje, Udzungwa. Mimea isomeni kileleni, msiisome bwawani. Muulizeni mpigaji ilikuwa mwezi gani. Kisha tafuteni picha ya mahali panapojulikana, mlinganishe umbo la ukingo pale maji yanapoanza kuruka: pengo kwa pengo, ufa kwa ufa. Visipolingana, na picha zote mbili ni za miaka ya karibuni zilizopigwa upande mmoja, hapo sipo.