Maandishi Ambayo Hukuyahifadhi Yako Wapi?

Fungua Notepad++, andika sentensi mbili kwenye ukurasa mtupu, kisha bonyeza alama ya kufungia dirisha. Programu haikuulizi kama unataka kuhifadhi. Inajifunga kimya, na ukiifungua tena kesho sentensi zako mbili zipo palepale, na kialama cha maandishi kinakusubiri. Watu wengi hupenda tabia hiyo, na hapo ndipo wanapoanza kulimbikiza vichupo vinavyoitwa `new 1`, `new 2` hadi `new 30`, vingine vya miezi mingi, ambavyo havijawahi kupewa jina wala mahali pa kukaa.

Kinachofanyika ni jambo jepesi. Kila baada ya sekunde 7, kama kuna kilichobadilika, programu huandika nakala ya maandishi yako kwenye folda iliyofichwa. Pembeni yake huwa na faili nyingine, `session.xml`, inayoorodhesha vichupo vilivyokuwa wazi na nakala ya kila kimoja ilipo. Ukifungua programu, inasoma orodha hiyo kwanza, halafu inazifuata nakala. Muda huo wa sekunde 7 unaweza kuubadilisha kwenye `Settings`, `Preferences`, ukurasa wa `Backup`, lakini sioni sababu ya kuugusa. Microsoft Word, kwa kulinganisha, huja ikiwa imepangwa kuweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na dakika 10 za mtu anayeandika kwa kasi ni kurasa mbili.

Wenye kutumia VS Code wanayo pia huduma hiyo. Mpangilio wake unaitwa `files.hotExit`, na nakala zake hukaa kwenye `%APPDATA%\Code\Backups`. Majina ya faili za humo hayasomeki, ila mstari wa kwanza wa kila moja hutaja faili halisi ilikotoka, kwa hiyo ukiifungua utajua ni ya nani. Hapa tubaki na Notepad++, maana ndiyo niionayo zaidi kwenye kompyuta za ofisi ndogo.

Tuseme katibu wa chama cha akiba na mikopo anaandika muhtasari wa mkutano kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba. Alianza saa tatu na robo asubuhi. Saa nne na dakika arobaini na mbili umeme unakatika. Unaporudi anawasha mashine, anafungua Notepad++, na anakuta ukurasa mmoja mweupe. Vichupo vyote havipo.

Anachotakiwa kufanya kwanza ni kutoandika chochote. Aifunge programu, kisha abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike hivi na kubonyeza `Enter`:

```
%APPDATA%\Notepad++\backup
```

Folda itafunguka. Kama programu ilinakiliwa kwenye flashi bila kusakinishwa, huenda folda ya `backup` ikawa ndani ya folda ya programu yenyewe. Humo atakuta faili zenye majina ya namna hii:

```
new 3@2025-03-11_091540
```

Kabla ya kufungua hata moja, azinakili zote na kuzibandika kwenye folda mpya juu ya dawati la kompyuta. Kazi yote ifanyike kwenye nakala hizo, asili ziachwe zilivyo. Kisha atazame tarehe kwa makini, kwa sababu hapa wengi hukata tamaa bure. Saa iliyo kwenye jina, 09:15, ni ya nakala ilipoanza kuwekwa. Ya kutazama ni safu ya `Date modified`. Ikisema 10:42, basi ndani mna muhtasari hadi sekunde chache kabla ya giza. Afungue nakala hiyo kwa kuiburuta hadi kwenye dirisha la Notepad++, aihifadhi kwa jina la kueleweka, na kazi imeisha.

Kwa nini basi programu ilifungua ukurasa mweupe ilhali nakala zipo? Kwa sababu kilichoharibika ni `session.xml`. Orodha ikipotea, programu haina njia ya kujua kuna nini kwenye folda, hata kama folda imejaa.

Hiyo ni bahati njema. Ipo mbaya zaidi, na dalili yake haifichiki. Unafungua faili na kuona neno `NUL` limejipanga mstari mzima, jeupe juu ya weusi, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukubwa wa faili ni uleule wa jana, lakini hakuna hata herufi moja. Wengi hudhani ni kirusi. Programu inapoandika faili, Windows huipokea data na kuishika kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, halafu huipeleka diskini baadaye kidogo. Mfumo wa NTFS, ambao ndio wa diski nyingi za Windows, hutunza kumbukumbu salama ya majina na ukubwa wa faili, si ya yaliyomo. Ni kama daftari la ghala lililoandikwa kuwa magunia 40 yameingia, na lori bado liko njiani. Umeme ukikatika katika mwanya huo, daftari linabaki na lori halifiki, na nafasi iliyotengwa inasomeka kuwa ni sifuri tupu.

Faili ya namna hiyo haina cha kuokoa ndani yake, na fundi anayeahidi kuzigeuza zile `NUL` ziwe maneno anakula pesa yako. Tafuta kwingine: barua pepe uliyowahi kuituma, flashi, au nakala ya zamani. Kwa hiyo ukurasa uleule wa `Backup` una sehemu ya pili, `Backup on save`. Ukichagua `Verbose backup`, kila unapohifadhi programu inaweka pembeni toleo la kabla, likiwa na tarehe na saa, kwenye folda ya `nppBackup`. Toleo la dakika ishirini zilizopita huwa limeshafika diskini zamani, na kukatika kwa umeme hakulifikii.

Nakala za sekunde 7 zina mipaka mingine miwili. Ukifunga kichupo kimoja kwa alama yake, programu huuliza, na ukijibu `No` nakala yake inafutwa papo hapo. Kufunga dirisha zima hakufuti, kufunga kichupo kunafuta. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku.

Wa pili unaumiza zaidi. Folda ya `AppData` imefichwa, na fundi anayetaka kufuta kompyuta na kusakinisha Windows upya huwa ananakili `Documents`, `Desktop` na picha. Hamlaumu mtu akisahau asichokiona. Vichupo vyako thelathini visivyo na jina huondoka na diski, na mteja husema kwa haki kabisa, "Lakini niliviacha vimefunguka."

Kama una vichupo vya `new` vilivyo wazi sasa hivi, pitia kimoja kimoja, bonyeza `Ctrl+S`, kipe jina na ukiweke kwenye folda unayoijua. Na mashine ikienda kwa fundi, mwambie kwa kinywa chako anakili na `AppData\Roaming`.