Kurudi Sokoni Baada ya Kutolewa

Treda amenunua EUR/USD, kikomo cha hasara kikamtoa, kisha bei ikageuka na kupanda bila yeye. Kidole kinakimbilia kitufe cha kununua. Kabla hajakibonyeza, ajiulize: kilichokufa ni oda yake, au ni sababu iliyomfanya anunue?

Jibu hupatikana tu ikiwa sababu iliandikwa kabla ya kuingia. Tuseme akaunti ina dola 1,000. Bei imegota 1.0800 mara mbili na kupanda, hivyo treda ananunua kwa 1.0820 na kuweka kikomo 1.0790. Hizo ni pipsi 30, na kwa loti 0.03 akikosea anapoteza dola 9. Daftarini ameandika: mshumaa wa saa nne ukifunga chini ya 1.0800, wazo limekufa. Hasara yote ya wazo hili isizidi dola 15.

Bei inashuka hadi 1.0784 na kumtoa. Sasa asubiri mshumaa ufunge, na hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa kukaa bila kufanya kitu wakati fedha imeshaondoka ni kazi nzito. Ukifunga 1.0770, basi. Kununua tena hapo kwa loti 0.06 ili dola 9 zirudi upesi ndio ukaidi wenyewe, kwani sokoni hakuna kipya kinachomwita anunue; kilichoongezeka ni hasara yake tu.

Ukifunga 1.0815, habari ni nyingine. Wauzaji waliisukuma bei chini ya 1.0800 wakashindwa kuibakiza huko. Wazo lingali hai. Kikomo ndicho kilichokuwa karibu mno. Treda ananunua kwa 1.0825, bei inapovuka kilele cha mshumaa huo, na kuweka kikomo 1.0778, chini ya bonde jipya. Kwa kuwa umbali umekuwa pipsi 47, loti inapungua hadi 0.01, yaani dola 4.70 hatarini. Ukijumlisha na zile 9 unapata 13.70, ndani ya mpaka aliojiwekea.

Lengo ni 1.0920, pipsi 95 mbele, mara mbili ya anachohatarisha. Likifikiwa atapata dola 9.50, kiasi cha kufuta hasara ya kwanza, na spredi itamega kidogo. Inauma, lakini ukubwa wa loti haupangwi kwa kuangalia deni la oda iliyopita. Akichelewa hadi bei ifike 1.0870, kikomo kiko pipsi 92 nyuma na lengo pipsi 50 tu mbele; hapo aiache iende.

Kikomo cha pili nacho kikigongwa, bajeti imebaki dola 1.30. Kwa loti 0.01, ambayo ndiyo ndogo kabisa kwenye akaunti nyingi, hizo ni pipsi 13, na EUR/USD huweza kuzimaliza kwa dakika chache bila kuelekea popote. Jaribio la tatu halina pa kusimama.