Dola 110, Mechi Mbili: Mkeka, If Bet au Reverse?

Ukiingia kubeti Marekani na mechi mbili unazoziamini, skrini inaweza kukuwekea njia tatu za kuzifunga pamoja. Parlay ni mkeka uleule tunaoujua. If Bet na Reverse ni ndugu zake, na aliyezoea mikeka ya Dar es Salaam au Nairobi huenda hajawahi kuzigusa. Zinafanana kwa sura, ila pesa inatembea tofauti kabisa.

Tuseme ni Jumapili ya NFL. Umechagua timu A na timu B, kila moja ina pointi zake za kupewa au kutoa, na bei ni ile ya kawaida ya -110: unaweka dola 110 upate faida ya dola 100. Ile 10 ya ziada ndiyo ujira wa duka. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayokuepusha nayo.

Anza na mkeka. Unaweka 110 na timu zote mbili lazima zifanye kazi yake. Bei zikizidishwa sawasawa, faida yako ni kama dola 291. Lakini yapo maduka yanayolipa mkeka wa timu mbili kwa kiwango cha kudumu cha 13 kwa 5, na hapo unapata 286. Dola 5 zimeliwa bila kuandikwa popote kama makato. Kwa hiyo usiulize tu kama wanapokea mkeka, uliza wanaulipaje. Timu moja ikiteleza, mkeka umechanika na 110 zimekwenda.

If Bet inaanza na 110 zilezile, zote juu ya timu A. A ikishinda, unakuwa na 210 mkononi mwa duka. Mkeka ungezisukuma zote 210 kwa timu B. If Bet inachukua 110 tu kwenda kwa B, na 100 zinabaki kuwa zako. Tofauti yote iko hapo.

Zote mbili zikishinda, faida ni 200 badala ya 286 au 291. A ikishinda na B ikapoteza, hasara yako ni dola 10 tu, wakati mwenye mkeka amepoteza 110. A ikipoteza, mchezo umekwisha: umepoteza 110, na B haikuchezwa hata kama itashinda kwa kishindo.

Je, kinga hiyo ina thamani ya bei yake? Unaacha dola 86 au 91 siku timu zote mbili zinaposhinda, na unaokoa 100 siku A inaposhinda peke yake. Kama ubashiri wako hauizidi sarafu inayorushwa hewani, na wengi wetu tuko hapo, siku hizo mbili zina nafasi sawa ya kutokea. Kwa hesabu hiyo, tiketi ya mkeka wa 13 kwa 5 inakugharimu wastani wa dola 11, na ya If Bet dola 7 na nusu. Usishangilie sana, sehemu ya nafuu hiyo inatokana na kwamba umecheza pesa kidogo zaidi. Lakini kwa mwenye 110 za mwisho wa wiki, kucheza kidogo si kasoro.

Faida nyingine ambayo mkeka hauna: dau la pili unaweza kulipunguza. Weka 110 kwa A, kisha 55 tu kwa B. A ikishinda na B ikapoteza, bado unaondoka na faida ya 45. Ndiyo maana timu unayoiamini zaidi inakaa mbele, kwa sababu ya kwanza huchezwa kila mara, na ya pili husubiri ruhusa.

Sasa angalia saa kabla ya kulipa. Mechi nyingi za Jumapili huanza saa 7 mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani na huchukua saa tatu na dakika kadhaa. Kama B inaanza saa 10 na dakika 25, mara nyingi utakuwa umeshajua matokeo ya A. Huna haja ya If Bet hapo: beti A, subiri, kisha amua mwenyewe kuhusu B. Unachohatarisha ni pointi za B kubadilika wakati ukisubiri, nazo If Bet ingekufungia zile ulizoziona asubuhi. Zikianza kwa wakati mmoja, If Bet inafanya kazi ambayo wewe huwezi kuifanya.

Kisha soma sharti la sare. If Bet ya kushinda tu husimama A ikitoka sare: unarudishiwa 110 na B haichezwi. Ile inayoitwa Action au Double Action huendelea kwa B hata A ikitoka sare au ikifutwa. Kwenye mkeka, timu iliyotoka sare huondolewa na B hubaki kama beti ya kawaida.

Reverse ndiyo inayowaumiza watu. Ni If Bet mbili kwa mpigo, moja A kisha B, nyingine B kisha A. Ukiandika 110, zinakatwa 220. Zote zikishinda unapata 400. Zote zikipoteza, 220 zimekwenda. Zikigawana, moja ishinde na nyingine ipoteze, tiketi moja inakupa hasara ya 10 na nyingine ya 110, jumla 120. Ungebeti kila timu peke yake kwa 110, kugawana kungekugharimu 10 tu, na kupoteza zote mbili kungekugharimu 220 zilezile. Kwa hiyo unalipa 110 zaidi kila zinapogawana ili upate 200 zaidi zinaposhinda zote. Kwa mechi mbili zisizohusiana, sioni sababu ya kuinunua.

Ina mahali pamoja pa kufaa: beti mbili zinazovutana ndani ya mchezo mmoja. Chukua mechi ya vyuo ambako timu kubwa inatoa pointi 38 na jumla ya pointi imewekwa 53 na nusu. Timu kubwa ikivuka hizo 38, jumla nayo ina nafasi kubwa ya kuvuka. Duka halikubali mkeka wa namna hiyo kwa malipo ya kawaida, na mikeka ya mchezo mmoja inayouzwa kwenye simu imeshapunguzwa bei kwa ajili hiyo. Yapo maduka yanayoipokea kama Reverse. Hata kila upande ukiwa na nafasi ya nusu kwa nusu, zikishinda pamoja mara 29 kati ya 100 badala ya 25, Reverse inaanza kukulipa. Beti mbili za kawaida zisingefika huko kamwe. Duka likikataa, achana nayo, usihamishie pesa hizo kwenye mechi nyingine.

Upatikanaji nao si sawa. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoondoa marufuku ya kitaifa mwezi Mei 2018, kila jimbo lina sheria zake, na mkeka utaukuta karibu kila palipo halali. If Bet na Reverse hazipo kila mahali. Usifungue akaunti mpya kwa ajili ya If Bet pekee. Unapoipata, kabla ya kubonyeza tazama kisanduku cha Risk: kikisoma 220 wakati ulipanga 110, umeingia Reverse.